Shahidi Aliona Nini, na Alidhani Nini?

Tuchukue mfano wa mama lishe aliyekuwa kazini asubuhi kando ya kituo cha daladala, ajali ikatokea mbele ya kibanda chake. Alipoombwa maelezo, aliandika hivi:

“Dereva wa daladala alikuwa amelewa, akaondoa gari kwa fujo na kumgonga kijana wa bodaboda. Breki zilikuwa mbovu, konda mwenyewe anajua. Nilimpigia simu kaka yake kijana. Kabla ya hapo dereva alikuja kununua chapati kwangu. Kijana hakuwa na kosa lolote.”

Mama huyu hasemi uongo. Lakini ukiyapeleka maelezo haya mahakamani yalivyo, wakili wa upande wa pili atayachambua sentensi moja moja, na mwishoni hata yale aliyoyaona kweli yatatiliwa shaka. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona, la kusikika lisemwe na aliyelisikia. Kwa hiyo anayemsaidia shahidi kuandika upya anapita kila sentensi na swali moja: “Mama, hili ulilijuaje?”

Tuanze na ulevi. Ulijuaje? “Aliponunua chapati alinuka pombe, na chenji ilimdondoka mara mbili.” Hayo ndiyo ya kuandika. Harufu na chenji ni mambo aliyoyashuhudia; “amelewa” ni hitimisho alilolifikia, na hakimu anaweza kulifikia mwenyewe.

Halafu “akamgonga”. Neno hili linapita kirahisi kwa sababu linafanana kabisa na tukio lililoonwa. Lakini mama alipoulizwa alikuwa anatazama wapi, alijibu kwamba alikuwa ameinamia jiko. Alisikia injini ikinguruma, kisha kishindo, ndipo akageuka na kuona pikipiki iko chini ya bampa. Mgongano wenyewe hakuuona. Lisipogundulika sasa, litagundulika kizimbani, na huko litamgharimu.

Breki nazo hakuzijaribu. Baada ya ajali alimsikia konda akimwambia dereva, “Nilikwambia breki hazishiki.” Kauli hiyo inaandikwa kuwa kauli ya konda. Kama breki kweli zilikuwa mbovu, wa kulithibitisha ni konda mwenyewe na mkaguzi wa magari.

Sasa tupange wakati. Kanuni ni kufuata mpangilio ambao shahidi aliyaona na kuyasikia mambo. Huenda breki ziliharibika wiki nzima kabla ya ajali, lakini mama alisikia habari zake baada ya kishindo, basi ziandikwe hapo. Saa isikisiwe ikiwa kuna kitu cha kuishikiza. Simu ya mama inaonyesha alimpigia kaka wa kijana 7:42, yaani saa 1:42 asubuhi. Saa ya simu ikichanganywa na saa ya Kiswahili, ajali ya asubuhi huhamia mchana.

Maelezo mapya yanasomeka hivi:

1. Asubuhi hiyo nilikuwa nikipika chapati kando ya kituo. Daladala lilisimama, na dereva akaja kununua chapati. Alinuka pombe. Chenji ilimdondoka mara mbili.

2. Alirudi kwenye gari. Mimi niliinamia jiko.

3. Muda mfupi baadaye nilisikia injini ikinguruma, kisha kishindo. Niligeuka, nikaona pikipiki chini ya bampa la mbele la daladala na kijana amelala barabarani. Sikuona magari yalivyogongana.

4. Nilimsikia konda akimwambia dereva, “Nilikwambia breki hazishiki.”

5. Saa 1:42 asubuhi nilimpigia simu kaka wa kijana.

“Kijana hakuwa na kosa” imeondoka, maana kuamua kosa ni kazi ya mahakama. Kwa viapo, jambo hili liliwekwa wazi tangu 1966 katika kesi ya Matovu ya Uganda, ambayo bado inatajwa katika mahakama za Afrika Mashariki: kiapo kibebe mambo ya hakika, kisibebe hoja za kisheria wala mahitimisho. Maoni ya mama yanaweza kuandikwa kwenye karatasi tofauti kwa ajili ya wakili au mpelelezi, kwa kuwa humwonyesha pa kutafuta: dereva apimwe kilevi, gari likaguliwe.

Kupanga upya kuna mpaka wake. Anayeandika haruhusiwi kuziba pengo kwa kubuni, wala kumpa shahidi maneno ambayo hawezi kuyasimamia akiulizwa. Mama asipokumbuka, iandikwe kwamba hakumbuki. Na kama maelezo ya kwanza yalishatiwa saini, yasichanwe. Yatunzwe, kisha yatolewe maelezo ya nyongeza yanayosema wazi kilichorekebishwa, kwa sababu shahidi anaweza kuhojiwa juu ya kila alichokwisha kuandika. Mwisho asomewe yote kwa sauti, arekebishe anachotaka, ndipo atie saini kila ukurasa.