Makala Imesomwa au Imepitiwa Tu?

Katika Google Analytics 4, mgeni huhesabiwa kuwa ameondoka papo hapo iwapo ziara yake haikuzidi sekunde 10, hakufungua ukurasa wa pili, wala hakutimiza tendo linalolengwa, kama kujiandikisha. Kipimo hiki kikisomwa peke yake hudanganya: aliyetafuta nambari ya dharura akaipata kwa sekunde nane ameondoka ameridhika.

Mathalani, makala ya maneno 900 imepata ziara 1,000. Ziara 700 zimekatika papo hapo, 120 zimefika chini, na kati ya hizo 30 zimezaa usajili. Robo ya waliofika mwisho wamejiandikisha, kwa hiyo mwito wa mwisho hauna kasoro. Walakini uko juu. Pengine kichwa kimeahidi kisichokuwamo. Kubadili rangi ya kitufe hapo ni kazi bure.

Kufika chini nako si kusoma. Mfumo huandika tukio la `scroll` ukurasa unapoteremshwa hadi asilimia 90, hata kwa pupa. Maneno 900 huhitaji takribani dakika nne. Iwapo hao 120 walikaa sekunde 40 kwa wastani, wengi wao walipitisha macho tu.