Kuandika Upya Ujumbe Uliojaa Misimu na Nahau

Maana ya msimu huijua kikundi kinachoutumia, na maana ya nahau haipatikani kwa kuunganisha maneno yake. Ndiyo maana ujumbe unaoeleweka mara moja Kariakoo unaweza kumwacha msomaji wa Bukavu akibahatisha. Programu ya kutafsiri nayo mara nyingi huyashika maneno kama yalivyo. Mfano ni ujumbe huu wa kubuni:

"Fundi kaingia mitini na buku hamsini zangu. Nimemsubiri tangu saa mbili, nikachapa lapa mpaka kwake, nikatoka kapa."

Asiyejua lugha ya mitaa ya Dar es Salaam anaweza kudhani fundi amekimbilia porini na vitabu hamsini. Kumbe kuingia mitini ni kutoroka, buku ni shilingi 1,000, kuchapa lapa ni kwenda kwa miguu, na kutoka kapa ni kukosa ulichokifuata.

Kufafanua misimu hiyo minne hakutoshi, kwa kuwa maneno ya kawaida nayo huficha mitego. "Saa mbili" haisemi kama ni asubuhi au usiku, na programu inaweza kuitafsiri kwa kuacha tarakimu ileile, hivyo saa 2 asubuhi ikageuka saa 8 mchana. "Kaingia" ni mkato wa mazungumzo. "Ameingia" hutambulika kwa urahisi zaidi. "Fundi" naye anaweza kuwa wa cherehani, wa magari au wa nyumba, na lugha nyingine zina neno tofauti kwa kila mmoja. Ujumbe ulioandikwa upya husomeka hivi:

"Fundi cherehani ametoroka na shilingi 50,000 za Tanzania nilizomlipa. Nilimsubiri tangu saa 2 asubuhi (08:00), kisha nikaenda kwake kwa miguu, lakini sikumkuta wala sikupata fedha zangu."

Umerefuka, na ni haki yake: yale ambayo wenyeji walijijazia wenyewe sasa yameandikwa.

Wengi hupima kazi hiyo kwa kutafsiri kwenda lugha nyingine na kurudi. Kipimo hicho hudanganya. "Kula kona", yaani kuondoka ghafla, ikitafsiriwa neno kwa neno inaweza kurudi "kula kona" vilevile, na mwandishi akaridhika ilhali msomaji wa katikati amesoma habari ya mtu anayetafuna pembe ya ukuta. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kumpa mtu wa mji mwingine asome, kisha aeleze kwa maneno yake nani alifanya nini, lini, na kwa kiasi gani.

Pale ambapo ladha ya msimu ndiyo habari yenyewe, kuufuta ni kuiharibu habari. Hapo msimu hubaki ndani ya alama za mtajo na maana yake huufuata papo hapo: fundi "ameingia mitini", yaani ametoroka.