Ugonjwa wa Mmoja, Habari ya Ukoo Mzima

Mwaka 1886 katika mji wa Freiburg, nchi ya Ujerumani, aliletwa hospitalini binti wa miaka 18. Mara kwa mara moyo wake ulikwenda mbio ghafula, kichwa kikamwuma, rangi ikamtoka usoni. Halafu hali ikatulia tena. Muda si mrefu akafa. Maiti ilipofunguliwa, kama alivyoeleza Daktari Fränkel, ulikutwa uvimbe katika tezi mbili ndogo zikaazo juu ya mafigo, upande wa kuume na wa kushoto pia.

Kazi moja ya tezi hizo ni kumwaga adrenalini katika damu, ile inayoushtua moyo wako ukikanyaga nyoka. Uvimbe huimwaga hata pasipo nyoka. Ndipo damu hupanda kwa nguvu, na mtu aweza kufa, hasa akipasuliwa au akizaa bila waganga kujua alicho nacho.

Lakini kwa nini tezi zote mbili, tena kwa msichana mdogo hivyo? Jibu lilipatikana mwaka 2007. Madaktari wa Freiburg waliwatafuta jamaa wa ukoo wake walio hai, wakawapima damu, wakakuta kasoro katika jeni iitwayo RET. Kasoro hiyo huleta uvimbe wa tezi hizo, na pia kansa ya tezi ya shingo. Ilikuwa imepita kizazi hata kizazi kwa zaidi ya miaka 120.

Je, hurithiwaje? Tuseme baba anayo kasoro hiyo. Kila mtoto wake aweza kuipata au kuikosa, kama kurusha shilingi juu. Aliyeikosa hana cha kuwarithisha wanawe. Aliyeipata aweza kuwa mzima kabisa leo, na bado akawarithisha.

Kwa hiyo kupima huanza kwa mgonjwa mwenyewe. Kasoro yake ikijulikana, ndugu na watoto hutafutwa ile ile. Asiyekuwa nayo huambiwa aende zake kwa amani. Aliye nayo hupimwa damu au mkojo kila mwaka, na madaktari huweza kuiondoa tezi ya shingo mapema, kabla ya kansa. Uvimbe wa juu ya figo ukionekana, mgonjwa hupewa kwanza dawa za kulegeza mishipa ya damu kwa siku 7 hadi 14, ndipo apasuliwe.

Si kila uvimbe wa namna hii ni wa urithi, wala RET si jeni pekee. Lakini kati ya wagonjwa 10, watatu au wanne huwa wamerithi. Kipimo cha jeni hakipatikani kila hospitali. Hata hivyo, daktari aweza kuwachunguza jamaa kwa mkojo uliokusanywa mchana na usiku, saa 24.

Basi, kama kwenu yupo aliyetolewa uvimbe huo, au aliyekufa ghafula mezani pa upasuaji, usimfiche daktari habari hiyo. Mtajie hata babu na shangazi.