Keshia Aliyezikataa Shilingi 76,500

Mfanyakazi bora wa mwezi katika supamaketi moja ndogo ya Sinza, Dar es Salaam, ni keshia wa kaunta ya pili. Kilichompa heshima hiyo ni sifuri moja.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu, mama mmoja alinunua unga, mafuta na sabuni vya shilingi 8,500. Alilipa kwa simu, akaonyesha ujumbe wa malipo, akaondoka. Keshia alitazama jina la duka, kiasi hakukisoma vizuri.

Wakati wa kufunga hesabu, fedha zikazidi. Pesa ikipungua, keshia huulizwa hapo hapo. Ikizidi, ni rahisi kunyamaza, maana hakuna anayeidai. Yeye alikaa chini, akalinganisha risiti moja baada ya nyingine na ujumbe ulioingia kwenye simu ya duka, akifuata saa. Saa 12:40 jioni aliikuta: risiti ya 8,500, malipo 85,000.

Kijana anayebeba mizigo alimfahamu yule mama, akapeleka taarifa nyumbani kwake. Mama alihofu matapeli, na alikuwa na haki. Keshia hakumwomba namba ya siri wala kumtaka atume chochote. Alimwambia aje dukani na simu yake.

Kesho yake namba za muamala zilisomwa pamoja, zikalingana. Meneja akasaini, mama akasaini, akahesabiwa 76,500 taslimu.

Siku hizi keshia husoma kiasi kwa sauti kabla mteja hajabonyeza kuthibitisha.