Ncha Moja Kwenye Barafu, Nyingine Imefungwa

Chukua fimbo ya shaba yenye urefu wa nusu mita. Izamishe yote kwenye maji yanayochemka mpaka kila sehemu yake ifike nyuzi 100, kisha itoe na uizungushie pamba nzito ya kuhami joto ubavu mzima, pamoja na ncha ya kulia. Ncha ya kushoto iache wazi na uitumbukize kwenye ndoo ya maji yenye barafu, ambayo hayatoki kwenye nyuzi sifuri. Baada ya robo saa, ncha ile ya kulia itakuwa na nyuzi ngapi?

Jibu ni takriban 48, na linapatikana kwa kalamu na karatasi bila kugusa kipimajoto. Njia ya kulipata inaitwa kutenganisha vigeu, na ina zaidi ya karne mbili sasa. Wanafunzi wengi huijua hatua kwa hatua lakini hukwama mahali pamoja: kwenye zile ncha.

Tuite halijoto ya fimbo u, ambayo hutegemea mahali x, kuanzia upande wa barafu, na muda t. Kanuni inayotawala ni hii:

u_t = α u_xx

Kushoto ni kasi ya halijoto kubadilika kwa muda; kulia ni kiasi ambacho mchoro wa halijoto umepinda. Maana yake ni kwamba nukta iliyo moto kuliko wastani wa jirani zake wa pande mbili itapoa, na iliyo baridi kuliko wastani huo itapata joto. Pale ambapo mchoro umenyooka hakuna kinachobadilika, hata kama una mteremko mkali. Namba α inaonyesha wepesi wa joto kusambaa ndani ya kitu. Kwa shaba ni karibu 0.00011 mita za mraba kwa sekunde.

Sasa ncha. Kushoto tumeambiwa halijoto yenyewe: ni sifuri wakati wote. Kulia hatujui halijoto, ndiyo kwanza tunaitafuta. Tunachojua ni kwamba joto halipiti pale, na kwa kuwa joto hufuata mteremko wa mchoro, mteremko wa ncha ya kulia lazima uwe sifuri. Ncha moja imepewa thamani, nyingine imepewa mteremko. Ndiyo maana masharti haya ya mipaka huitwa mchanganyiko.

Ujanja wa kutenganisha vigeu ni kukisia kwamba jawabu ni zao la vitu viwili, umbo X linalotegemea mahali tu na kipimo T kinachotegemea muda tu. Ukiweka u = X·T kwenye mlinganyo na kugawanya, unapata:

T′/(αT) = X″/X

Upande wa kushoto haujui chochote kuhusu mahali, na wa kulia haujui chochote kuhusu muda. Pande hizi haziwezi kulingana kila mahali na kila saa isipokuwa zote ziwe namba moja isiyobadilika. Namba hiyo lazima iwe hasi, nayo tunaiandika −λ². Ingekuwa chanya, umbo lingekuwa mkunjo unaopanda moja kwa moja toka sifuri, na mkunjo wa namna hiyo hauwezi kulala bapa ukifika ncha ya kulia. Kwa namba hasi, X huwa wimbi la sini au kosini, na T hupungua kama e^(−αλ²t).

Ncha ya kushoto inataka sifuri, kwa hiyo kosini inaondoka na kubaki sin(λx). Ncha ya kulia inataka mteremko sifuri, yaani cos(λL) = 0, ambapo L ni urefu wa fimbo. Hili hutimia pale λL inapokuwa π/2, 3π/2, 5π/2, na kuendelea kwa namba witiri tu. Umbo la kwanza ni robo ya wimbi: linaanzia sifuri kwenye barafu, linapanda, na kufika kileleni hasa kwenye ncha iliyofungwa. La pili ni robo tatu za wimbi, la tatu ni wimbi moja na robo.

Hapa ndipo mazoea yanapoponza. Mfano wa kwanza katika vitabu vingi ni wa fimbo yenye ncha zote mbili baridi, ambapo λ ni π/L, 2π/L, 3π/L. Mwanafunzi aliyekariri hayo huyaleta kwenye fimbo yetu bila kusita. Kosa hili ni rahisi kuligundua: weka x = L kwenye sin(πx/L). Unapata sifuri, yaani hesabu inadai kwamba ncha iliyofungwa pamba, iliyo mbali kabisa na barafu, ni baridi kama barafu yenyewe. Tena λ imekuwa mara mbili ya inavyopaswa, na kwa kuwa kasi ya kupoa inafuata λ², fimbo inaonekana inapoa mara nne upesi kuliko kweli.

Kwa nini namba shufwa hazimo? Fikiria fimbo ya mita nzima, moto kote, ncha zake zote mbili zikiwa kwenye barafu. Kwa kuwa pande zake mbili zinafanana, katikati joto halina sababu ya kwenda kulia wala kushoto. Katikati pale ni kama pamefungwa. Ukiikata hapo unapata fimbo yetu. Mawimbi ya namba shufwa huwa na upande mmoja chanya na mwingine hasi, kwa hiyo hayawezi kuingia kwenye hali ambayo nusu zake mbili ni sawasawa.

Kila umbo peke yake linatimiza mlinganyo na ncha zote mbili, lakini hakuna hata moja linaloanza na nyuzi 100 kote. Lazima yajumlishwe, kila moja kwa kiasi chake. Viasi hivyo ndivyo vizigeu vya mfululizo. Wazo la kuunda karibu umbo lolote kwa mawimbi ya namna hii lilipelekwa mbele ya wanasayansi wa Paris na Joseph Fourier mwaka 1807, wakati akiwa mkuu wa utawala wa mkoa wa Isère kule Grenoble. Lagrange, aliyekuwa miongoni mwa wakaguzi, hakulikubali. Kitabu chenyewe cha Fourier kuhusu joto kilitoka mwaka 1822.

Kupata vizigeu kunategemea sifa moja ya maumbo haya: ukizidisha mawili tofauti na kujumlisha zao lao kutoka ncha hadi ncha, unapata sifuri. Ukilizidisha umbo kwa lenyewe unapata L/2. Kwa hiyo, ukitaka kizigeu cha umbo la tatu, zidisha halijoto ya mwanzo kwa umbo la tatu, ujumlishe, kisha ugawanye kwa L/2. Mengine yote yanajifuta. Kwa fimbo iliyoanza na nyuzi 100 kote, matokeo ni:

b_n = 400 / ((2n−1)π)

Yaani 127.3, kisha 42.4, kisha 25.5, kisha 18.2, na kuendelea. Wengi hushtuka kuona 127 wakati hakuna sehemu ya fimbo iliyozidi 100. Lakini kizigeu si halijoto. Kwenye ncha ya kulia maumbo hupishana alama, la kwanza chanya, la pili hasi, na jumla ya mwanzo inakuwa (400/π)(1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 + …). Mfululizo ulio kwenye mabano unafahamika tangu kale: jumla yake ni π/4. Zidisha, unapata 100 kamili. Huo ni ukaguzi mzuri wa kufanya kabla ya kuendelea.

Tuingize muda. Kwa nusu mita ya shaba, kipimo cha umbo la kwanza hupungua hadi asilimia 37 hivi kila sekunde 921, dakika 15 na kidogo. Umbo la pili lina λ mara tatu, kwa hiyo linafifia mara tisa upesi: sekunde 102. La tatu, mara 25: sekunde 37. Baada ya dakika 15, umbo la kwanza linachangia nyuzi 47.9 kwenye ncha ya kulia, na la pili halifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi. Mfululizo usio na mwisho umebaki hatua moja.

Lakini jaribu hatua hiyo moja baada ya dakika 1 tu. Inatoa 119.3, yaani fimbo imepata joto kwa kuwekwa kwenye barafu! Ongeza hatua ya pili: 95.7. Ya tatu: 100.7. Ya nne: 99.9. Ya tano: 100.0, na hapo inatulia. Habari za barafu bado hazijaifikia ncha ile kwa kiasi kinachoonekana, na ili kusema jambo hilo rahisi mfululizo unahitaji hatua tano. Mapema zaidi, karibu na ncha ya kushoto, hali ni mbaya: kwenye sekunde ya sifuri jumla hupanda hadi karibu 118 kabla ya kuporomoka, na kuongeza hatua hakupunguzi urefu wa kilele hicho, kunakisogeza tu karibu na ncha. Gibbs alilieleza jambo hili mwaka 1899. Halidhuru, kwani muda ukishaanza kwenda kilele hicho huyeyuka.

Kuna mambo mawili ambayo njia hii haisamehe. La kwanza: maji ya ndoo yakiwa nyuzi 20 badala ya sifuri, maumbo hayajumlishiki tena, kwa sababu jumla ya sini haitakuwa 20 kwenye ncha hiyo. Dawa yake ni kutoa 20 kila mahali kwanza, kutatua kwa nyuzi 80 zilizobaki, kisha kuzirudisha 20 mwishoni.

La pili ni pamba. Fimbo ya unene wa sentimita 1 ikiachwa wazi kwenye hewa tulivu hubadilishana joto na hewa kupitia ubavu kwa kasi inayokaribiana na ile ya kupitia ncha ya barafu. Muda wa sekunde 921 unapungua hadi kama dakika saba na nusu, na ncha ya kulia haitaelekea sifuri: chumba kikiwa na nyuzi 27, itatulia karibu na nyuzi 16. Ukipima na kukuta dalili hizi mbili, usikague vizigeu, kagua pamba.

Ukitaka kujipima mwenyewe, anza na fimbo ile ile, ila halijoto ya mwanzo ipande kwa mstari ulionyooka kutoka sifuri kwenye barafu hadi 100 kwenye ncha iliyofungwa. Vizigeu vyako vitatu vya kwanza vinapaswa kuwa 81.1, −9.0 na 3.2. Vikitoka vingine, rudi ukaangalie kama umeandika π/2 au π.