Kubadili neno kwenye fremu moja ya GIF

Tuseme tangazo la GIF lina fremu nne, na ya tatu inasema "Jumamosi" badala ya "Jumapili". Lifungue kwa GIMP, uchague Filters > Animation > Unoptimize ili kila fremu iwe picha kamili. Fremu ni tabaka lenye muda wake kwenye jina, mfano (1500ms), usiufute.

Iache picha katika hali ya Indexed, paleti isibadilike. Funika neno la zamani kwa rangi ya hapohapo, andika jipya, kisha uliunganishe na fremu ya tatu kwa Merge Down. Ukisahau, litakuwa fremu ya ziada. Unapohifadhi kwa Export As, chagua As animation, na usilazimishe muda mmoja kwa fremu zote.