Viporo vya Jana na Ratiba ya Leo

Mwalimu wa sekondari mjini Tanga ana karatasi 120 za mtihani, naye amejipangia kusahihisha 30 kila usiku kuanzia Jumatatu hata Alhamisi, kwa saa mbili, maana karatasi moja humchukua kadiri ya dakika nne. Jumatatu yakenda kama alivyoazimia. Jumanne alfajiri mwanawe akashikwa na homa, na siku nzima ikaishia hospitalini katika foleni ya vipimo na ya dawa, asirejee nyumbani ila magharibi, akiwa hoi. Karatasi 30 zikalala. Maandalio ya somo la Jumatano yakalala. Nguo zikabaki katika beseni, na shangazi aliyeahidiwa kutembelewa akangoja bure.

Aghalabu mtu aliyefikwa na haya huazimia kufidia yote siku ya pili yake. Lakini tuitazame hesabu: karatasi 60 ni saa nne, na mwalimu aanzaye saa mbili za usiku, watoto wamekwisha kula, hatamaliza kabla ya saa sita, akiwa katika za mwisho hasomi tena bali anapitisha macho tu, na Alhamisi ataamka mchovu, asahihishe 20 badala ya 30, deni lianze kukua upya. Kwa hiyo limbikizo aghalabu halitokani na ile siku iliyovurugika, bali na siku inayofuata, iliyotwishwa mzigo wa siku mbili ilhali nafasi yake ni ya siku moja.

Kinachotusukuma kufanya hivyo ni bughudha ya jambo lisilokwisha. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alieleza kwamba watu hukumbuka kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Majaribio ya baadaye hayakuafikiana naye daima, lakini kwamba jambo lililoachwa njiani huweza kurudirudi akilini pasipo kuitwa lilionekana tena katika utafiti wa Masicampo na Baumeister uliotolewa mwaka 2011. Hawa wawili waliona kwamba watu wenye malengo yasiyotimia waliingiliwa na fikira hizo hata wakiwa katikati ya kusoma hadithi. Ila wale walioruhusiwa kwanza kupanga kwa dhahiri watakavyoyatimiza walisalimika, ijapokuwa kazi yenyewe hawakuigusa. Maana yake, kwa rai yangu, ni kubwa: nafsi haikudai malipo usiku ule ule, ilidai miadi tu.

Basi mwalimu wetu, Jumanne usiku, asiguse karatasi hata moja. Achukue daftari, kwa dakika kumi, akilikabili kila lililolala kwa swali moja: je, lingali na haja, na kama linayo, siku gani na saa ngapi? Maandalio ya Jumatano hayaahiriki, kwa hiyo yapunguzwe: wanafunzi wapewe zoezi la ufahamu lililomo kitabuni. Nguo zipewe Jumamosi asubuhi. Shangazi apelekewe salamu na udhuru usiku huo huo, na siku nyingine itajwe, maana ahadi aliyopewa mtu mwingine haifai kuhamishwa kimyakimya. Kuhusu karatasi, Jumatano na Alhamisi zibaki 30 kama zilivyokuwa, na 30 za Jumanne ziende Ijumaa usiku; na kwa kuwa matokeo yalitakiwa Ijumaa, amweleze mwalimu wa taaluma Jumatano asubuhi kwamba darasa moja litakamilika Jumamosi. Udhuru utolewao siku mbili kabla hupokewa kwa wema kuliko ule wa saa ya mwisho. Laiti angaliahidi matokeo Jumamosi tangu mwanzo, Ijumaa usiku iwe akiba, asingalihitaji hata kuomba.

Yabaki majuto, nayo wengi huyahesabu kuwa ni kiboko cha kumrudisha mtu kazini. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Ottawa, Kanada, uliotolewa mwaka 2010 na Wohl, Pychyl na Bennett, waonyesha kinyume: waliojisamehe kwa kuahirisha masomo kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya wa pili, kwa kuwa uchungu ulikuwa umewapungua. Nao hao walikuwa wamezembea kweli. Seuze mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa mapajani!

Hata hivyo kuhamisha kuna mpaka wake. Kazi iliyohamishwa mara ya tatu haina tatizo la tarehe: ama ni kubwa mno, nayo ikatwe mpaka kipande chake cha kwanza kitoshe katika nusu saa, ama mwenyewe haitaki, nayo ifutwe au akabidhiwe mwingine. Na pindi viporo vinapozidi kila juma, hata katika majuma yasiyo na ugonjwa wala msiba, kuipanga upya ratiba hakutafaa kitu, maana kazi zimezidi saa zilizopo, na mazungumzo yanayohitajika hapo ni ya kuzipunguza, pamoja na yule anayezigawa.